Sufuri ya saiba na tiki mbili za Mama mhasibu

Mkataba wangu wa kufundisha katika shule moja ya binafsi hapa Mombasa uliisha Desemba 2023, na Januari iliyofuata nikawa mtafsiri wa kujitegemea moja kwa moja. Kazi yenyewe nilikuwa naifanya usiku tangu zamani: maelekezo ya dawa, mikataba, manukuu ya filamu, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Sasa ikawa ndiyo kazi. Wakala wawili wa Ulaya na mmoja wa Marekani walinilipa kwa dola, na kampuni moja ya Nairobi ilinilipa kwa shilingi kila mwezi. Meza yangu ilikuwa chumba cha pili cha nyumba ya kupanga huku Kisauni, na mwajiri wangu alikuwa mimi mwenyewe.

Miaka yote ya ualimu sikuwahi kufikiria ushuru. Shule ilikata, ikanipa fomu ya P9, nami nikaipeleka saiba ya jirani kijana akanifailia ritani. Februari 2025 nikaenda tena, safari hii bila P9. Kijana akatazama mikono yangu mitupu.

"Mwalimu, mwaka jana uliajiriwa?"

"La, nafanya zangu za mtandao."

"Basi ni sufuri. Mia mbili."

Dakika nne hivi. Akanichapia risiti ya kupokelewa, nikaikunja mfukoni. Simlaumu yule kijana. Kwake yeye mapato ni mshahara, na asiye na mshahara hana mapato. Mimi ndiye niliyejua kwamba mwaka ule nilikuwa nimeingiza zaidi ya milioni moja, na nikakubali neno sufuri kwa sababu lilinifaa.

Agosti ikaja barua pepe kutoka KRA. Haikuwa na ukali wowote. Ilisema kwamba rekodi zao zinaonyesha nimelipwa ada za kitaaluma za shilingi 300,000 mwaka 2024, ushuru wa shilingi 15,000 umekatwa na kuwasilishwa kwa jina langu, ilhali ritani yangu ni sufuri. Niliombwa nieleze au nirekebishe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile kampuni ya Nairobi, kila iliponilipa, ilikuwa inaacha alama.

Nilimpata mhasibu kupitia kwa shemeji yangu. Ni mama wa makamo, ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na ana kalamu ya kijani anayoifunga kwa uzi mezani ili wateja wasiondoke nayo. Nikamwamkia, nikampa bahasha yangu, na kabla hajaifungua nikamweleza utetezi wangu wote kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa nimeuandaa kwenye matatu. Kwanza, wateja wangu wengi wako nje ya Kenya na pesa zao zinatoka nje. Pili, sina biashara iliyosajiliwa, sina leseni, sina duka. Tatu, yule mteja wa hapa nchini alikuwa keshanikata asilimia 5, kwa hiyo huko nimemaliza.

"Haya," akasema. "Hizo pesa za nje ulizifanyia kazi ukiwa wapi?"

"Nyumbani, Kisauni."

"Basi zimetoka Kisauni."

Akanifafanulia polepole, na hapa naandika kwa maneno yangu. Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya inaanzia kwenye mapato yaliyopatikana Kenya au yaliyotokana na Kenya, na faida ya biashara ni aina ya kwanza kabisa inayotajwa. Anayetafsiri akiwa ameketi Mombasa anazalisha mapato yake Mombasa, hata kama ankara inalipwa Berlini. Na hata ningekuwa nafanya nusu ya kazi nikiwa safarini, bado nisingepona: mkazi wa Kenya anayeendesha biashara sehemu ndani na sehemu nje ya nchi, faida yake yote inahesabiwa kuwa ya Kenya. Mkazi maana yake si uraia. Mwenye makao yake ya kudumu hapa na aliyekuwapo nchini hata siku moja katika mwaka huo ni mkazi. Mimi sikusogea zaidi ya Nairobi.

Usajili wa biashara nao haukuwa kinga. Biashara katika sheria hiyo inajumuisha taaluma na kazi ya ufundi, na mtu anayepokea kazi kwa mfululizo, anatoa ankara, analipwa kwa neno au kwa dakika, anafanya biashara hata kama hajaandika jina lake mahali popote.

Lile la tatu ndilo lililoniuma, kwa sababu nililiamini kwa dhati. Mama mhasibu alichukua karatasi akaandika: ankara ya mwezi 25,000, iliyokatwa 1,250, iliyoingia benki 23,750. Malipo ya ada za kitaaluma yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mlipaji anatakiwa akate asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa PIN ya mlipwaji. Kwa mkazi kama mimi makato hayo si ushuru wa mwisho. Ni amana. Yanakusubiri kwenye iTax, na ukifanya hesabu yako ya mwaka unayaondoa kwenye deni. Kwa hiyo mapato yangu ya mwezi kwa mteja yule ni 25,000 nzima, siyo 23,750, na ile 1,250 naidai kama iliyokwisha kulipwa. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume mara mbili: sikuandika mapato, na nikaiacha amana yangu ya shilingi 15,000 imelala huko.

Nikajaribu mlango mwingine. Rafiki yangu anauza viatu Kongowea na huwa analipa ule ushuru wa mauzo ghafi wa asilimia 3, hana habari ya gharama wala hesabu ndefu. Mauzo yake yako juu ya milioni moja na chini ya milioni 25, na mimi pia. Asilimia 3 ya mapato yangu yote ingekuwa shilingi 37,200. Nilikuwa tayari kuzilipa siku hiyo hiyo.

Mama mhasibu akatikisa kichwa. Ushuru ule unawaacha nje wanaolipwa ada za usimamizi, za kitaaluma na za mafunzo. Nami nikamwambia mimi si daktari wala wakili, natafsiri tu. Akanisomea maana ya ada hizo katika sheria: ni malipo kwa asiye mwajiriwa kwa huduma za usimamizi, za kiufundi, za uwakala, za mkataba, za kitaaluma au za ushauri, vyovyote vile yanavyohesabiwa. "Na mteja wako mwenyewe alikata asilimia 5 kwa jina hilo hilo," akasema. "Ukienda kusema wewe ni muuza viatu, cheti chake kitakukana." Kumbe muuza viatu wa Kongowea ana njia fupi ambayo mtafsiri wa Kisauni hana. Naona ni jambo la ajabu, lakini ndivyo lilivyo.

Basi tukashika njia ndefu: mapato yote, toa gharama zinazokubalika, kinachobaki ndicho kinachotozwa.

Mapato yenyewe yalituchukua asubuhi nzima. Nilikuwa nimeleta taarifa za M-Pesa nikidhani ndizo mapato. Akazisogeza kando akaomba ankara na taarifa za pochi ya dola, maana kinachoingia M-Pesa ni kilichobaki baada ya kila mtu njiani kumega. Kila ankara tukaigeuza kuwa shilingi kwa bei ya dola ya siku ya malipo, na mwaka 2024 hilo halikuwa jambo dogo. Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Agosti ilikuwa karibu 129. Kazi ile ile ya dola 500 ilikuwa shilingi 80,000 mwanzoni mwa mwaka na 64,500 baadaye. Kama ningetumia bei moja kwa mwaka mzima, ningejidanganya au ningejipunja. Dola zangu chache zilizolala kwenye pochi tarehe 31 Desemba nazo zikaingia, kwani kutozitoa hakuzifanyi kuwa si zangu. Jumla ya wateja wa nje ikawa 940,000, na mteja wa Nairobi 300,000. Milioni 1 na elfu 240.

Ndipo tukafika kwenye bahasha. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeorodhesha gharama zangu kwa mwandiko mzuri, na jumla yake ilikuwa 573,000. Nilijiona hodari. Mama akaikata karatasi yangu safu mbili kwa rula pembeni, akasema kila gharama itapita milango miwili na kila mlango una tiki yake. Mlango wa kwanza: je, pesa hii ilitumika yote na kwa ajili tu ya kuzalisha mapato haya? Mlango wa pili: je, iko karatasi inayokubalika? Tiki moja haitoshi.

Ada za kutoa na kubadilisha dola zilikuwa 47,000. Tiki, tiki. Bila kulipa ada hizo pesa hazinifikii, na ada za taasisi za fedha ni miongoni mwa vitu ambavyo kanuni za ankara za kielektroniki zimeviachilia. Taarifa ya akaunti inatosha.

Leseni ya programu ya kutafsiria, 65,000 kwa mwaka. Tiki ya kwanza haikuwa na ubishi, kwa sababu programu ile haina matumizi mengine duniani. Ya pili ilinitia wasiwasi. Tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki, na kampuni ya nje itaitoa wapi eTIMS? Kumbe huduma ya mtu asiye mkazi na asiye na kituo cha biashara Kenya nayo imeachiliwa. Ankara yake ya kawaida ikapita.

Kompyuta mpya, 120,000, nimeinunua Machi 2024, risiti ya eTIMS yenye PIN yangu. Nikangoja tiki mbili za furaha. Akaandika 30,000. Kompyuta ni mali ya kudumu, haiondolewi yote mwaka wa kununuliwa. Sheria inakataa gharama za mtaji kama gharama za kawaida, halafu inakurudishia kwa njia ya posho ya uchakavu, na kwa kompyuta posho ni asilimia 25 kwa mwaka. Kwa hiyo 90,000 zilizobaki hazikupotea. Zinasubiri ritani za miaka inayofuata, mradi nikumbuke kuzidai. Kwenye fomu zina jedwali lake peke yake, na ukiziandika kule kwenye gharama za kawaida unakuwa umekosea hata kama tarakimu ni sahihi.

Intaneti ya nyumbani, 3,500 kwa mwezi, 42,000 kwa mwaka. Ankara zilikuwa na PIN yangu. Hapa Mama aliinua kalamu akaniuliza nani mwingine anaitumia. Nikasema mke wangu na watoto, jioni, katuni. "Na wewe usiku hutazami mpira?" Natazama. Basi si yote na si kwa ajili ya kazi tu. Tukagawa kwa saa: mchana kutwa nyumba ni yangu na kazi, jioni ni ya wote, tukakubaliana theluthi mbili, yaani 28,000. Akanifanya niandike nusu ukurasa kueleza nimeipataje hiyo theluthi mbili, nikatia tarehe na sahihi. Alisema mgao usio na maelezo ni tarakimu tu, na afisa akiukataa huna la kumwonyesha. Tokeni za umeme hata hatukuzijadili: mita ina jina la mwenye nyumba, na anayenunua tokeni ni mke wangu kwa simu yake.

Safari ya Nairobi kukutana na yule mteja: malazi ya siku mbili, 9,000, tiki mbili. Kwa kawaida hoteli na chakula ni matumizi ya mtu binafsi, lakini sheria imetoa nafasi kwa malazi na chakula cha safari ya kikazi, na nilikuwa na barua pepe ya mwaliko. Nauli ya treni niliiacha kwa kuwa tiketi nilikwisha zitupa. Suti niliyoshonesha kwa ajili ya mkutano ule, 14,000, ilikufa mlango wa kwanza. Nikateta kidogo kwamba bila mkutano nisingeshona suti. Akanijibu kwamba harusini nitaivaa, tena nimeshaivaa. Ni kweli nilikuwa nimeivaa Idi.

Nikauliza, kwa kutania nusu, kuhusu karo za watoto. Hizo ziko upande wa vilivyokatazwa, pamoja na matunzo ya mtu mwenyewe na familia yake.

Zikabaki mbili kubwa, na ndizo zilizonifundisha mlango wa pili ni upi.

Ya kwanza ni mhariri wangu. Ni dada mmoja niliyefundisha naye, jicho lake halipitwi na kosa, na kila kazi ya dawa huisoma kabla sijaituma kwa sababu mawakala wa Ulaya wanataka macho mawili. Mwaka 2024 nilimlipa jumla ya shilingi 60,000, zote kwa M-Pesa, na ujumbe wa kila malipo ninao. Tiki ya kwanza ilikuwa nene. Ya pili haikuwapo. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa zimetoka, lakini si ankara ya eTIMS, na yule dada hakuwa amewahi kutoa ankara ya namna yoyote. Shilingi 60,000 za haki kabisa, zikakatwa mstari. Mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ililegezwa: ukinunua kwa mtu mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, wewe mnunuzi unaweza kuitengeneza ile ankara. Lakini malipo yangu yote yalikuwa kabla ya hapo.

Ya pili ni kodi ya nyumba. Niliandika 216,000, yaani 18,000 kwa miezi 12, kana kwamba watoto wangu wanalala hewani. Mlango wa kwanza ulitaka chumba cha kazi tu, nacho ni robo ya nyumba na hakina kitanda, kwa hiyo 54,000. Mama alisema hapo kuna ubishi kidogo, maana makao ni makao, ila chumba kilichotengwa kwa kazi pekee na kupimwa kinaweza kutetewa. Akaniambia nikipige picha na kuchora ramani. Kisha akauliza ankara ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba wangu hutoa risiti kwenye kijitabu cha karboni, jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino. Ubishi ukaisha kabla haujaanza.

Kati ya 573,000 zangu, zilizopata tiki mbili zilikuwa 179,000. Mapato ya kutozwa yakabaki 1,061,000. Tukapiga hesabu hivi: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800, 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 25,000, 673,000 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 201,900. Jumla 255,700. Ukiondoa nafuu ya binafsi ya 28,800 inayopewa kila mkazi, na 15,000 za amana yangu, deni likawa 211,900. Bima na akiba ya uzeeni sikuwa navyo vya kudai mwaka ule.

Nilinyamaza kitambo. Kwa kima changu, kila gharama iliyokosa tiki ilikuwa inanigharimu senti 30 kwa kila shilingi. Mhariri wangu peke yake, 18,000. Chumba changu cha kazi, 16,200. Hizo si gharama nilizobuni; ni pesa nilizotumia kweli zikakosa karatasi.

Na kulikuwa na nyongeza. Salio la ushuru wa 2024 lilitakiwa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili 2025. Wengi, mimi nikiwamo, tunaishika Juni 30 kichwani, lakini hiyo ni tarehe ya kupeleka ritani. Ya kulipa ni miezi miwili kabla. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 5 ya deni, na riba ni asilimia 1 kwa kila mwezi. Tuliporekebisha ritani Septemba ilikuwa miezi mitano, kwa hiyo adhabu ikawa 10,595 na riba 10,595, tarakimu pacha. Mama akasema nishukuru imeishia hapo, maana anayeficha kwa makusudi anaweza kutozwa asilimia 75 ya ushuru uliofichwa. Ile sufuri ya saiba ingeweza kusomwa hivyo. Ndiyo maana maelezo yetu kwa KRA yalikuwa na kila kitu, hata dola ambazo wao hawakuziuliza. Barua yao ilitaja 300,000 tu. Kuna mtu kwenye foleni ya Mama aliyeninong'oneza nirekebishe hizo 300,000 na kunyamaza kuhusu zingine. Sikufanya hivyo, nusu kwa woga, nusu kwa sababu uso wa Mama ulikuwa umeelekea kwetu.

Niliomba kulipa kwa awamu, nikakubaliwa miezi sita. Lipo na jambo la kulipa mapema ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: ukiwa na ushuru wa mwaka unaozidi 40,000 usiokatwa na mwajiri, hungoji mwaka uishe. Unalipa robo robo, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, ndani ya mwaka wenyewe. Sasa kila dola zikiingia nahamisha robo yake kwenye akaunti nyingine ambayo kadi yake anayo mke wangu.

Kilichobadilika zaidi ni makaratasi. Mteja wa Nairobi siku hizi haachilii malipo mpaka nimtumie ankara ya eTIMS, kwa sababu bila hiyo yeye ndiye anayenyimwa tiki. Mhariri wangu nilimketisha kwangu Jumamosi moja na kikombe cha chai ya tangawizi, nikamwambia, "Dada, shika simu, piga *222#." Akanitazama kama nataka kumwingiza mtegoni. Nikamweleza kwamba kwa malipo yangu mapato yake yenyewe hayafiki pale ushuru unapoanza kuuma, maana nafuu ya 28,800 inafuta ushuru wote wa 288,000 za kwanza, bali akipeleka ritani aandike alichopata, asiandike sufuri. Mara ya kwanza alikosea PIN yangu, ya pili muda ukaisha kwenye skrini, ya tatu ankara ikatoka. Shilingi 5,000, jina lake, jina langu. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema neno "uhariri" limeandikwa kwa herufi ndogo mwanzoni.

Mwenye nyumba nilimwendea baada ya swala ya Ijumaa. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwa adabu kwamba naomba risiti zake ziwe za eTIMS. Akacheka, akaniuliza kama najua maana yake kwake. Nikasema najua: kodi anayopokea ingeonekana KRA. "Sawa mwalimu, nitakupa," akasema, "lakini kuanzia mwezi huo kodi ni elfu 20."

Nilifanya hesabu pale pale barazani. Nyongeza ya 2,000 kwa miezi 12 ni 24,000. Tiki ya chumba changu, hata kwa kodi hiyo mpya, ingeniokolea 18,000.

"Basi mzee," nikamwambia, "wacha tuendelee na kijitabu."